Jina la Kampuni ya Harusi: Lisomeke Kwenye Kadi, Liandikike kwa Kusikia

Chukua kadi yoyote ya harusi iliyobaki nyumbani kwako, uigeuze nyuma. Chini kabisa, katikati, mara nyingi utakuta jina dogo la kampuni iliyoratibu au kupamba shughuli ile. Inyooshe kadi kwa urefu wa mkono wako na ujaribu kulisoma jina hilo. Halafu litamke kwa sauti na ujiulize: shangazi yangu akilisikia hili kwenye simu, ataliandika sawasawa?

Jina la kampuni ya mapambo hupimwa kwa maswali hayo mawili. Mgeni aliyependezwa na ukumbi atalisoma nyuma ya kadi, au atamwuliza mwanakamati, "Hawa wapambaji ni akina nani?" Akilisoma vibaya au akaliandika vibaya, hatakupata, na kazi utaikosa bila kujua kwamba uliikosa.

Ili tusiongee hewani, twende na mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme dada wawili wa Tanga wamekuwa wakipamba kumbi za sendofu na harusi kwa muda, na sasa wanataka kusajili shughuli yao. Wanapata kazi Tanga, Arusha na Dar es Salaam. Wamezoea maua ya Pwani, kwa hiyo wameorodhesha majina sita: Umaridadi wa Bibi Harusi, Asumini, Kilua, Rehani, Shada na Kikuba. Wewe pia andika majina yako sita au zaidi kwenye karatasi kabla hujaendelea kusoma. Jina moja pekee halitoshi, kwa sababu mengine yataanguka njiani, na utaona ni kwa nini.

Jina litaandikwa wapi?

Wengi hulipima jina kwa kuliona kubwa kwenye kioo cha kompyuta ya msanifu wa kadi. Huko kila jina hupendeza. Jina lako halitakaa kwa ukubwa huo. Kadi ya mwaliko ina wenyewe: juu wapo wazazi wanaoalika, katikati wapo bwana na bibi harusi, chini yao tarehe, ukumbi na namba za kutoa majibu. Kampuni hupewa nafasi ndogo nyuma ya kadi, kwenye mkunjo wa bahasha, au chini ya kadi ya kuomba mchango.

Tupime nafasi yenyewe. Kadi ya saizi ya A5 ina upana wa milimita 148 na urefu wa milimita 210. Jina la mpambaji likipewa upana wa milimita 30 nyuma ya kadi hiyo, limetendewa haki. Likizidi hapo linaanza kuonekana kama tangazo, na wenye harusi hawapendi. Sasa chukua jina "Umaridadi wa Bibi Harusi", ambalo likiongezewa neno Mapambo linakuwa na herufi na nafasi 32. Gawanya milimita 30 kwa 32: kila herufi inapata chini ya milimita moja. Hiyo haisomeki, hata kwa kijana. Jina "Kikuba" lina herufi sita, na kila moja inapata milimita 5.

Ndiyo maana nawashauri watu wabaki kati ya herufi nne na kumi kwa neno kuu la jina. Neno la pili linaloeleza kazi, kama Mapambo au Harusi, linaweza kukaa chini yake kwa herufi ndogo na nyepesi zaidi. Msomaji akilikosa neno la pili, bado ameondoka na jina.

Kuna sababu nyingine ya kutaka jina fupi. Siku hizi kamati nyingi hutuma mialiko na vikumbusho vya michango kwa ujumbe mfupi wa simu, na ujumbe huo unaweza kufika ukiwa na jina la mtumaji badala ya namba. Jina hilo la mtumaji haliruhusiwi kuzidi herufi 11, na nafasi kati ya maneno nayo huhesabiwa kama herufi. "KIKUBA" linaingia vizuri. "Kikuba Harusi" lina herufi 13 pamoja na nafasi yake, kwa hiyo halitaingia. Hesabu ya majina yako ifanye sasa hivi, uandike idadi pembeni ya kila jina.

Herufi zipi hupendeza kwenye mwandiko wa kadi?

Kadi nyingi za harusi hutumia mwandiko wa kuunganisha, yaani herufi zilizolala kidogo na kushikana mikono kama mtu ameandika kwa kalamu ya wino. Mwandiko huo ni mzuri, lakini una udhaifu mmoja ambao msanifu asipokuambia utaugundua baada ya kuchapa.

Ziangalie herufi i, u, n na m. Kwenye mwandiko wa kuunganisha, zote hujengwa kwa vijiti vifupi vinavyofanana: i ina kijiti kimoja, u na n zina viwili kila moja, m ina vitatu. Zikifuatana, jicho haliwezi kujua herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Jina Asumini ni tamu kulitamka, na ua lenyewe ndilo ua la harusi za Pwani. Lakini baada ya s, vijiti vinafuatana: u viwili, m vitatu, i kimoja, n viwili, i kimoja. Jumla ni vijiti tisa vilivyopangwa kama meno ya kitana. Kwa ukubwa wa milimita 30 mtu atasoma "Asiumni" au "Asmuni", au ataacha kusoma.

Kinachosaidia jicho ni mchanganyiko wa herufi zinazopanda, kama b, d, h, k, l na t, na zile fupi kama a, e na o. Herufi inayopanda ni kama nguzo ya uzio, kwa kuwa inaonyesha mipaka. Liandike "Kikuba" kwa mkono: K inapanda, i fupi, k inapanda, u fupi, b inapanda, a fupi. Ile u ingeweza kuleta shida, lakini imesimama kati ya nguzo mbili na haiwezi kupotea.

Herufi zenye mkia unaoshuka, yaani g, j, p na y, hazina ubaya. Mkia mmoja humpa msanifu kazi, anaweza kuuvuta ukawa pambo. Tatizo huja ikiwa mikia ni mitatu na chini ya jina kuna mstari mwingine wa maandishi, kwa sababu mikia itaugonga mstari huo.

Angalia pia herufi kubwa ya kwanza. Kwenye mwandiko wa kuunganisha, I kubwa na J kubwa hufanana sana, na T kubwa na F kubwa hupishana kidogo tu. Jina linaloanza na mojawapo ya hizo si lazima ulitupe, ila mwombe msanifu akuonyeshe herufi hiyo katika miandiko mitatu tofauti, na umwulize mtu asiyelijua jina aisome. Kamwe usikubali jina zima liandikwe kwa herufi kubwa za mwandiko wa kuunganisha. Herufi kubwa zilibuniwa zianze neno, na zikipangwa pamoja haziungani wala hazisomeki. Kama unataka herufi kubwa tupu, chagua mwandiko uliosimama wima na uache nafasi kidogo kati ya herufi na herufi.

Vipi kuhusu maandishi ya dhahabu?

Dhahabu inayong'aa kwenye kadi hubandikwa kwa joto. Fundi hutumia kibao cha chuma chenye umbo la maandishi, anakipasha moto na kukigandamiza juu ya utepe mwembamba wa rangi ya dhahabu, nao unashika kwenye karatasi. Mistari ya herufi ikiwa myembamba kupita kiasi, chini ya robo ya milimita hivi, dhahabu hukatika katikati ya herufi. Matundu ya ndani ya herufi kama a, e na b yakiwa madogo sana, dhahabu huyajaza na herufi inakuwa doa. Kwenye karatasi yenye mikwaruzo au mabonde madogo, hali huwa mbaya zaidi.

Jina fupi linakuokoa hapa pia, kwa sababu kwa upana uleule herufi zake ni kubwa na mistari yake ni minene. Vilevile kibao cha chuma kwa kawaida hutozwa kwa ukubwa wake, na jina refu linahitaji kibao kirefu. Kabla hujalipa, mwombe fundi akugandamizie kipande kimoja cha majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika.

Je, jina litaandikika kwa kusikia?

Bahati yetu ni kwamba Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Ukichagua neno la Kiswahili, umeshapunguza nusu ya makosa. Ukichagua neno la lugha ya kigeni lenye herufi zisizotamkwa, herufi pacha, au sauti ya k inayoweza kuandikwa kwa k, c au q, kila msikilizaji ataliandika kwa namna yake. Wapo wanaoongeza alama juu ya herufi e kwa mtindo wa Kifaransa ili jina lionekane la kifahari. Kwenye kadi linapendeza, lakini mtu hajui aipate wapi alama hiyo kwenye simu yake.

Hata ndani ya Kiswahili kuna mitego. Wa kwanza ni l na r. Lugha mama nyingi za bara hazitenganishi sauti hizo mbili, na hilo huonekana katika uandishi. Kilua ni ua zuri la manukato ambalo wanawake wa Pwani huvaa nywelani, lakini Arusha na Moshi likisikika na kuandikwa "Kirua", mtu atafikiri unatokea Kirua ya Kilimanjaro. Wa pili ni dh, th, gh na kh, ambazo wengi huziandika z, s, g na h. Wa tatu ni ng', yenye ile alama juu yake: alama hiyo haikubaliki kwenye anwani ya tovuti wala kwenye jina la akaunti ya Instagram. Wa nne ni irabu pacha, kama aa na oo, ambazo watu husahau moja. Wa tano ni majina yenye maumbo zaidi ya moja. Asumini hiyohiyo wengine huiita asmini na wengine yasmini, na kila mmoja yuko sahihi kwa alivyozoea.

Sasa fanya jaribio la sikio. Halina gharama zaidi ya muda wa simu. Chagua watu kumi wasiojua mpango wako, na uwachanganye: wa Pwani na wa bara, wazee na vijana, wanawake na wanaume. Mtumie kila mmoja ujumbe wa sauti wenye sentensi moja ya kawaida: "Ukumbi ule ulipambwa na Kikuba." Usilitaje jina herufi kwa herufi, wala usilirudie. Mwombe akuandikie jina la mpambaji kama alivyolisikia.

Wakipatia tisa au kumi, jina limefaulu. Wakipatia saba au wanane, tazama wanakosea wapi: kama wote wamekosea herufi ileile, jina lina mtego, na mtego huo utakuwepo kila siku. Wakipatia pungufu ya hapo, liache, hata kama unalipenda. Kwa Kikuba, kosa la kutegemea ni "Kicuba", kwa sababu wapo watakaofikiria kisiwa cha Kuba. Neno Mapambo likifuata, wazo hilo hutoweka. Kwa hiyo dada zetu wanapolitaja jina kwa simu wanapaswa kusema "Kikuba Mapambo".

Je, maana yake ni njema kila mahali?

Jina linaweza kupita jicho na sikio likaangukia kwenye maana. Rehani ni majani yenye harufu nzuri, hutiwa kwenye maua ya bibi harusi. Lakini neno hilohilo ndilo linalotumika mtu anapoweka shamba au nyumba kama dhamana ya mkopo. Kadi ya harusi iliyoandikwa "Rehani" nyuma yake itamkumbusha baba wa bibi harusi deni la benki.

Shada nalo ni fupi, linaandikika, na herufi zake zinapanda na kushuka vizuri. Bibi harusi hushika shada. Lakini mashada ya maua ndiyo pia tunayoweka makaburini, na Mtanzania anayesikia "shada la maua" mara nyingi huona msiba kabla ya harusi. Tatizo lake si uandishi wala sura yake, ni kwamba limeshapewa kazi nyingine mioyoni mwa watu.

Njia ya kupima ni rahisi. Fungua kamusi ya Kiswahili usome maana zote za neno, si ya kwanza tu. Kisha muulize mtu mzima mmoja wa Pwani na mmoja wa bara: "Ukisikia neno hili, unakumbuka nini kwanza?" Kikuba, kwa mtu wa Pwani, ni kifungo kidogo cha asumini, mawaridi, rehani na mkadi kinachofungwa pamoja na kuvaliwa kwa ajili ya harufu yake, hasa kwenye harusi. Kwa mtu wa bara huenda ni neno jipya. Neno jipya lenye maana njema si tatizo, kwani atauliza na utapata nafasi ya kumweleza.

Kuna kosa moja la maana ambalo hujitokeza kwenye kadi pekee, na naliona mara kwa mara. Wamiliki wawili huungana na kuiita kampuni kwa majina yao, mathalani Neema na Daudi. Kwenye bango la dukani halina shida. Kwenye kadi ya mwaliko, ambako majina mawili yaliyounganishwa kwa "na" ni ya maharusi, mgeni anaona ndoa mbili. Jina la mtu mmoja linapita. La watu wawili liache. Jihadhari pia na neno la dini moja kama unataka kuhudumia wote, kwa sababu familia ya dini nyingine itasita kuliweka kwenye kadi yao hata kama mapambo yako yanawapendeza.

Nalijaribuje kwenye karatasi?

Ukifika hapa utakuwa na majina mawili au matatu. Nenda kwenye duka la kuchapa lililo karibu nawe, ukiwa na ukurasa mmoja uliopangwa hivi: kila jina liandikwe kwa mwandiko wa kuunganisha na kwa mwandiko uliosimama, kwa upana wa milimita 30 na wa milimita 60. Ule wa 30 ni wa nyuma ya kadi, ule wa 60 ni wa bahasha. Kama hujui kutumia programu ya kuandikia, mwombe kijana wa dukani, na umsisitizie vipimo. Gharama yake ni ya kuchapa ukurasa mmoja.

Kata kila jina kwa mkasi, ligundishe kwa gundi nyuma ya kadi ya zamani, uiweke kadi mezani. Usiku, kwenye mwanga wa taa ya sebuleni, mpe mzazi au jirani mwenye umri mkubwa aisome. Kadi hupokewa jioni, na hupokewa na wazee. Akisoma bila kuisogeza karibu na macho, umepata jina. Akiuliza "hii ni herufi gani?", weka alama kwenye herufi hiyo na umwombe msanifu abadilishe mwandiko kabla hujalibadilisha jina, kwa sababu wakati mwingine jina halina kosa.

Jina liko huru, na nalisajili wapi?

Tanzania Bara, majina ya biashara husajiliwa na BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kupitia mtandao kwenye `ors.brela.go.tz`. Kabla ya kuomba, tafuta kwanza kama jina lako limeshachukuliwa. Jina linalofanana au kukaribiana sana na lililopo linaweza kukataliwa, hata ukibadilisha neno la pili. Ndiyo maana ulihitaji majina mawili au matatu mkononi.

Fahamu tofauti ya vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni jina la biashara, ambalo mtu mmoja au washirika husajili ili wafanye kazi kwa jina hilo. Wao wenyewe ndio wanaobeba madeni yake. Ada yake ni shilingi 15,000 za usajili, pamoja na shilingi 5,000 za utunzaji wa jina kwa mwaka, kwa hiyo mwanzoni andaa shilingi 20,000. Cha pili ni kampuni, ambayo kisheria ni kama mtu anayejitegemea. Ada yake hupanda kulingana na mtaji, na ina nyaraka nyingi zaidi. Dada wawili wanaoanza wanaweza kuanza na jina la biashara. Cha tatu ni alama ya biashara na huduma, ambayo ndiyo inayokupa haki ya kumzuia mwingine asitumie jina au nembo yako. Kusajili jina la biashara peke yake hakukupi ulinzi huo. Alama husajiliwa kwa miaka 7 ya kwanza, na baada ya hapo huongezwa kwa miaka 10 kila mara.

Ili kuomba jina la biashara, uwe na namba yako ya kitambulisho cha taifa kutoka NIDA, namba ya simu, barua pepe, na anwani ya mahali unapofanyia kazi. Fungua akaunti, jaza fomu, isaini na uipandishe kama mfumo utakavyokuelekeza, kisha utapewa namba ya malipo ya kulipia kwa simu au benki. Kabla hujalipa, simama. Soma jina herufi kwa herufi ukianzia mwisho kwenda mwanzo: a, b, u, k, i, K. Ukisoma kwa kurudi nyuma, jicho haliwezi kubuni herufi ambayo haipo. Cheti kitatoka kama ulivyoandika, na kulisahihisha baadaye ni maombi mengine.

Kama unapamba pia Unguja na Pemba, kumbuka kwamba Zanzibar ina wakala wake wa usajili wa biashara na mali, na usajili wa BRELA hauvuki bahari.

Kwenye mtandao nitumie jina gani?

Siku hiyohiyo unayoomba BRELA, chukua akaunti zako. Jina la akaunti ya Instagram haliruhusiwi kuzidi herufi 30, na linakubali herufi, tarakimu, nukta na mstari wa chini tu. Kama `kikuba` limechukuliwa, ongeza neno la kazi: `kikubamapambo`. Usiongeze tarakimu wala mistari, kwa sababu nyuma ya kadi itakubidi uichape, na kwenye simu itakubidi uieleze. Anwani ya tovuti ifanane nayo, mathalani `kikubamapambo.co.tz`. Bei yake hutofautiana kwa wakala anayekuuzia, kwa hiyo uliza zaidi ya mmoja na uulize pia ada ya mwaka wa pili.

Maneno yakiungana bila nafasi, yasome upya. "Shada Asili" likiunganishwa linakuwa `shadaasili`, na a mbili zilizogusana zitaangusha wengi. Ikiwa neno la kwanza linaishia na irabu, la pili lianze na konsonanti.

Mwisho, hakikisha jina linalotokea mtu anapokulipa kwa simu ni lile lililo kwenye kadi. Mhazini wa kamati anayetuma fedha za michango ya watu akiona jina asilolijua, atasimamisha malipo mpaka akupigie. Ukilisajili "Kikuba Mapambo" BRELA, lifuate hilohilo benki, kwenye namba ya malipo, kwenye risiti na kwenye mkataba. Nyuma ya kadi pekee ndipo unaweza kuandika "Kikuba" kubwa na "Mapambo" ndogo chini yake.

Kwenye orodha ya dada zetu wa Tanga, Umaridadi wa Bibi Harusi limeangushwa na urefu, Asumini na vijiti tisa, Kilua na l yake, Rehani na deni, Shada na makaburi. Limebaki Kikuba, nalo bado linasubiri jibu la BRELA. Karatasi yako ya majina sita ifanyie vivyo hivyo: kata moja moja, na pembeni ya kila lililokatwa andika lilikatwa kwa nini. Siku mshirika wako atakapokuja na jina jipya lenye kosa lilelile, mwonyeshe karatasi hiyo.